Alama 443: rufaa niliyoipeleka kwenye mlango usio wake

Barua pepe ya matokeo rasmi ilinifikia kazini siku ya nane baada ya mtihani, na nilichokiona kwanza ni namba 443. Alama ya kufaulu mtihani wa CISA, ule wa wakaguzi wa mifumo ya habari unaotolewa na chama cha kimataifa cha ISACA, ni 450. Nilipungukiwa pointi saba. Nilikuwa nimelipa dola 575 kama mwanachama, nimejifungia na vitabu miezi mitano, na ndani ya chumba cha mtihani umeme ulikatika kompyuta yangu ikazima. Kichwani mwangu hesabu ilikuwa fupi: pointi saba kati ya 800 si kitu, na kwa umeme ule zilikuwa haki yangu. Nikakata rufaa siku hiyohiyo. Karibu kila nilichokifanya katika rufaa ile kilikuwa makosa, na chanzo chake ni kwamba sikuelewa 443 ni namba ya aina gani.

Sisi tuliosoma Tanzania tumekulia kwenye asilimia. Kidato cha nne A inaanzia 75, C inaanzia 45, na mtu akikwambia amepata 60 unajua amepata 60 kati ya 100. Kwa hiyo nilipoona 443 nikachukua kikokotoo nikagawanya kwa 800, nikapata asilimia 55. Halafu 450 kwa 800, asilimia 56. Nikajiambia kumbe mtihani huu unafaulu kwa asilimia 56, na mimi nina 55. Hesabu hiyo haina maana yoyote. Skeli ya CISA haianzi na sifuri, inaanzia 200 na kuishia 800. Hiyo 200 ni ya aliyepata maswali machache kabisa, na 800 ni ya aliyepata yote. Ila hata ukianza kuhesabu kutoka 200 hutapata asilimia ya maswali uliyojibu vizuri, kwa sababu 450 haikuwekwa pale kuwakilisha sehemu fulani ya maswali. Imewekwa iwakilishe kiwango cha ujuzi.

Kazi ya kuweka mpaka huo hufanyika kabla mtahiniwa hajaingia chumbani. Njia inayotumika sana kwenye mitihani ya vyeti vya kazi inaitwa Angoff, kwa jina la William Angoff aliyeieleza mwaka 1971. Wanakaa watu wanaoifanya kazi yenyewe, wanapitia swali moja baada ya jingine, na kwa kila swali wanajiuliza: tukiwachukua watu 100 ambao wanastahili cheti hiki kwa shida, wale wa mpakani kabisa, wangapi watalipata swali hili? Swali jepesi mmoja atasema 85, swali gumu atasema 40. Wastani wa makadirio yao kwa kila swali ukigawanywa kwa 100, kisha ya maswali yote yakijumlishwa, unapata idadi ya maswali ambayo mtu wa mpakani angetarajiwa kuyapata. Hiyo ndiyo alama ghafi ya kufaulu, kwa karatasi hiyo.

Maneno mawili ya mwisho hapo ndiyo yaliyonichukua muda mrefu kuyaelewa. Karatasi si moja. Mimi na uliyekaa meza ya pili tunaweza kuwa na maswali tofauti, na yako yakawa magumu kidogo kuliko yangu. Ikisemwa kila mtu afaulu kwa maswali 100 kati ya 150, wewe umeonewa. Ndiyo maana ikawekwa skeli. Nitatoa mfano, na namba za maswali hapa ni za kwangu za kuelezea tu, kwa sababu za kweli hazitangazwi. Tuseme karatasi ya kwanza ni ngumu kidogo na mtu wa mpakani anatarajiwa kupata maswali 100. Hayo 100 yanaitwa 450, na maswali yote 150 yanaitwa 800. Kutoka 100 hadi 150 kuna maswali 50, na kutoka 450 hadi 800 kuna pointi 350, kwa hiyo kila swali ni pointi 7. Karatasi ya pili ni nyepesi, mtu wa mpakani anatarajiwa kupata 104. Hapo maswali 46 yanagawana pointi zilezile 350, kila moja kama pointi 7.6.

Sasa chukua watu wawili waliopata maswali 103 kila mmoja. Wa karatasi ngumu amezidi mpaka kwa maswali matatu: 450 jumlisha 21, ana 471, amefaulu. Wa karatasi nyepesi amepungukiwa swali moja: 450 toa 7 na kitu, ana 442, ameanguka. Maswali waliyopata ni sawa, matokeo tofauti, na hakuna aliyeonewa. Nilipouona mfano huu kwenye karatasi niliacha kulinganisha alama zangu na za rafiki yangu aliyefanya mwezi mmoja kabla yangu. Nilikuwa nimeshampigia simu mara mbili kumuuliza alidhani amekosa maswali mangapi, kana kwamba jibu lake lingenisaidia.

Mfano huo ulinionyesha pia kwamba pointi saba zangu huenda zilikuwa swali moja tu. Hilo liliniuma zaidi, na likanisukuma kwenye kosa la pili.

Wakati huo mtu aliruhusiwa kuomba alama zake zihesabiwe upya ndani ya siku 30 tangu matokeo rasmi, kwa dola 75. Nikalipa. Niliwaza kama tulivyozoea: mwalimu amechoka, ameruka ukurasa, akirudia ataona. Lakini mtihani huu wote ni wa kuchagua jibu moja kati ya manne, na majibu yanarekodiwa na kompyuta pale unapobofya. Hakuna mwalimu aliyechoka. Kuhesabu upya maana yake ni kuchukua kumbukumbu ya mibofyo yako na kuilinganisha tena na majibu sahihi. Kama ulibofya B na jibu ni C, litarudi kuwa kosa mara mia. Jibu langu lilirudi vilevile, 443. Kwenye mitihani yenye insha au kazi za vitendo zinazosahihishwa na binadamu, ombi kama hilo lina uzito mwingine, maana wasahihishaji wawili wanaweza kutofautiana. Kwa mtihani wa kubofya unanunua uhakika kwamba mashine haikukosea kujumlisha. Kama ndicho unachokitilia shaka, sawa. Mimi nilikuwa nashuku kitu kingine kabisa.

Mimi nilikuwa na umeme. Mtihani ni maswali 150 kwa saa nne. Nilikuwa swali la 96, saa ya kwenye kioo inaonyesha dakika 91 zimebaki, chumba kikawa giza. Jenereta liliwaka baada ya muda, lakini kompyuta yangu haikuwa na betri ya akiba na ilibidi iwashwe upya, msimamizi aingize namba zake, mtihani ufunguke. Ulipofunguka nilikuta majibu yangu yote yapo na niko palepale swali la 96, ila saa inasoma 79. Dakika 12 zimeliwa. Nilinyoosha mkono, msimamizi akaja, akaangalia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Endelea tu kaka, itajirekebisha." Nikaendelea. Haikujirekebisha. Mwishoni nilikuwa na maswali tisa sijayasoma, nikayabofya kwa kubahatisha dakika ya mwisho. Hapo angalau nilifanya sawa, kwa sababu mtihani huu haukati pointi kwa jibu la makosa na swali lililoachwa wazi halina chochote. Kisha matokeo ya awali yakatokea kwenye kioo, sikufaulu. Nikachukua simu yangu kwenye kabati nikaondoka bila kumwambia mtu.

Tazama nilichokiacha nyuma yangu. Sikuomba taarifa ya tukio iandikwe. Sikuchukua namba yoyote, sikuandika saa. Siku nane nikasubiri matokeo rasmi nikiamini rufaa ni kitu cha baada ya matokeo. Halafu nikatumia wiki kadhaa kwenye ombi la kuhesabiwa upya, ambalo halihusiani hata kidogo na umeme, kwa sababu anayehesabu upya anaangalia ulichobofya, haangalii kama ulipewa muda wa kubofya. Nilipokuja kukisoma kijitabu cha mtahiniwa kwa utulivu, kile nilichokubali masharti yake kwa kuweka tiki siku ya kujisajili, nikaona malalamiko ya namna mtihani ulivyoendeshwa yana njia yake na muda wake, na muda huo ni mfupi na unaanzia siku ya mtihani. Wangu ulikuwa umeshapita. Nikiwa mkaguzi, mtu ambaye kila siku ninawauliza wengine "ushahidi uko wapi?", sikuwa na karatasi hata moja. Sikuandika tena.

Milango ni mitatu, na kila mmoja una swali lake. Wa kwanza ni hesabu: je, majibu yangu yalijumlishwa sawasawa? Wa pili ni swali lenyewe: je, kuna swali lililokuwa na kasoro, lenye majibu mawili sahihi au lisilo na jibu? Wa tatu ni mazingira: je, nilipewa nafasi ileile waliyopewa wengine? Ukiingia mlango wa kwanza na shida ya mlango wa tatu, utajibiwa kwa uaminifu kabisa swali ambalo hukuliuliza.

Mlango wa pili nautaja kwa kifupi kwa sababu una mtego. Usinakili swali na kulituma, wala usilipeleke kwenye kundi la simu kuuliza wenzako. Ulitia saini ya kutunza siri, na malalamiko ya haki yanaweza kukugeukia wewe. Eleza lilihusu nini, lilikuwa karibu na namba gani, na kasoro unayoidai. Wao wana kumbukumbu ya karatasi yako, watalipata. Usitegemee kuonyeshwa maswali na majibu. Hayatolewi, kwa sababu yatatumika tena.

Pamoja na ile 443 ilikuja taarifa ya alama kwa maeneo, na hapo pia niliteleza. CISA ina maeneo matano, na tangu Agosti 2024 uzito wake ni asilimia 18, 18, 12, 26 na 26. Kwa maswali 150 hiyo ni maswali 27, 27, 18, 39 na 39. Eneo langu baya lilikuwa la tatu, la ununuzi na utengenezaji wa mifumo, 371. Nikaona hapo ndipo nilipozama, nikatumia wiki sita nzima kwenye eneo hilo peke yake. Lakini eneo hilo lina maswali 18 tu. Pale maswali mawili ya bahati mbaya yanaiangusha alama yako chini sana, wakati kwenye eneo la maswali 39 maswali mawili hayatikisi kitu. Eneo la nne, uendeshaji wa mifumo na uimara wa biashara, lilisoma 438, nikalipita kwa kuwa lilionekana liko karibu. Lile 438 lilikuwa limekaa juu ya maswali 39, na ndilo lililonigharimu zaidi.

Nilijaribu pia kujumlisha maeneo matano na kugawanya, kisha nikajaribu kwa uzito wake, nione 443 imetokea wapi. Haikutokea. ISACA yenyewe inasema waziwazi kwamba wastani wa maeneo, wa kawaida au wa uzito, hautoi alama ya jumla. Kwa hiyo usije ukaandika rufaa inayosema "hesabu zenu hazijumlishiki", kama nilivyokaribia kufanya. Tena hakuna sharti la kufaulu kila eneo. Unaweza kuwa na 371 sehemu moja na bado ukapata cheti, mradi jumla ifike 450.

Mwaka uliofuata binti mmoja tunayefanya naye kazi alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa cheti cha taasisi nyingine. Wakati huo nilikuwa nimeshaurudia wangu na kufaulu, baada ya siku 30 za lazima za kusubiri na ada nzima kulipwa upya. Nilimweleza kisa changu chote tukiwa kantini, na nikamwambia neno moja la kubeba: usitoke chumbani bila namba. Hakuna aliyetegemea angelihitaji.

Kwake umeme haukukatika. Kulikuwa na maswali yenye mchoro unaofunguliwa kwa kubofya kitufe, na kwenye matatu kati ya hayo mchoro haukufunguka, dirisha linabaki jeupe. Alinyoosha mkono kwenye lile la kwanza, si mwishoni. Msimamizi akaja, akaliona dirisha jeupe kwa macho yake. Kwenye ubao wa kufutika waliopewa kwa kazi za pembeni binti akaandika namba za maswali hayo, 14, 22, 31, na mbele ya kila namba saa ilivyosoma. Ubao huo unabaki chumbani, kwa hiyo kabla hajaurudisha alimwomba msimamizi aziandike zile namba kwenye taarifa ya tukio. Msimamizi alisita kidogo, akasema haina haja, mtihani umekwisha. Yeye akasema, "Naomba tu dada, nitaisubiri." Akasimama pale mezani dakika kumi hadi taarifa ikaingizwa, akapewa namba yake kwenye kikaratasi. Ndipo akatoka, na matokeo ya awali mkononi yanasema hakufaulu.

Jioni alinipigia simu, sauti imekauka. "Kaka, niwaambie waniongezee yale matatu?" Nikamwambia hapana, na hapa ndipo wengi tunapokosea kuomba. Hakuna anayeweza kujua angejibu nini kama mchoro ungefunguka. Wakimpa pointi za maswali ambayo hakuyajibu sawasawa, cheti chake na cha kila aliye nacho kinapoteza thamani. Anachoweza kupata ni jaribio lile kufutwa na kurudia bila malipo. Ukiomba alama unamfanya msomaji akatae ombi zima. Ukiomba kurudia, unamwomba kitu ambacho ana mamlaka ya kukitoa.

Rasimu yake ya kwanza ilikuwa kurasa mbili. Ilianza na jinsi alivyosoma usiku na mtoto mgongoni, ikasema kituo hakifai, ikasema yeye ana uzoefu wa miaka sita. Yote kweli, na yote hayamsaidii anayeamua. Tulikaa nayo saa moja ikabaki hivi, nikiiweka kwa Kiswahili:

"Nilifanya mtihani tarehe hii, kituo hiki, namba yangu ya mtahiniwa ni hii. Michoro ya maswali ya 14, 22 na 31 haikufunguka. Nilimwita msimamizi papo hapo kila mara, na hakuweza kurekebisha. Taarifa ya tukio iliandikwa kabla sijaondoka, namba yake ni hii. Bila michoro hiyo maswali hayo hayajibiki. Silalamikii alama nilizopewa. Naomba jaribio hili lifutwe na niruhusiwe kurudia bila ada, na naomba kujua kama jaribio lililofutwa litahesabiwa kwenye idadi ya majaribio ninayoruhusiwa."

Aliituma usiku uleule, kabla ya matokeo rasmi kutoka. Sentensi ya mwisho niliisisitizia mimi, kwa sababu taasisi nyingi zinaweka kikomo cha majaribio kwa mwaka na siku za kusubiri katikati, CISA kwa mfano ni majaribio manne ndani ya miezi 12. Ukikubaliwa kurudia bure halafu likahesabiwa kama jaribio la pili, umepewa kwa mkono mmoja na kunyang'anywa kwa mwingine.

Wiki ya kwanza alipata jibu la kwamba imepokelewa. Wiki ya pili kimya, akaandika mistari miwili akitaja ile namba ya tukio. Wiki ya tatu jibu likaja: kumbukumbu za kompyuta ya kituo zilionyesha michoro mitatu imeshindwa kufunguka kwenye maswali yaleyale aliyoyataja. Alama hazitabadilishwa. Jaribio limefutwa, atapewa tarehe nyingine bila malipo, halitahesabiwa, na siku za kusubiri hazimhusu. Alikuja mezani kwangu na simu mkononi, akanionyesha mahali walipoandika 14, 22, 31.